Mistari ya steitimenti ya benki: kadi, uhamisho, makato na hela iliyorudi (maswali ninayoulizwa sana hapa Tanga)

Nashika vitabu vya wafanyabiashara wadogo, wengi wako Ngamiani na Makorora, wengine wanauza samaki kule Deep Sea, na karibu wote wananiletea steitimenti wakiwa wameshakata tamaa wanasema haya ni mavitu ya benki wenyewe. Sio hivyo. Maswali yenyewe yanajirudia tu kwahiyo nimeyaweka hapa. Maneno yanatofautiana benki na benki, ila mifupa ni ileile.

Mbona maelezo yamekatwakatwa hivi, nani anayaandika?

Hakuna mtu anayeandika. Ule mstari unaungwa na mifumo. Mashine ya ATM inatuma kipande chake, mtandao wa kadi unaongeza chake, mfumo wa benki yako unabandika alama yake ya kifupi mbele, halafu nafasi ikiisha inakata tu hata katikati ya neno. Ndio maana unakuta `ATM WDL` badala ya kuambiwa umetoa hela, na jina la duka linaishia njiani.

Kwahiyo usianze kusoma na maneno. Anza na ile namba ndefu. Maneno yanakuambia aina ya muamala, ila namba ndio inakuambia mstari huu ni ndugu wa mstari gani, na ukishajua ndugu zake nusu ya kazi imeisha.

DR na CR ni nini, maana mimi nikipokea hela kwenye daftari langu naandika kinyume

Steitimenti imeandikwa kwa upande wa benki sio wako. `DR` hela imetoka kwako, `CR` imeingia. Basi.

Nipe mfano wenyewe, mstari kwa mstari

Haya, huu ni wa mama mmoja anauza samaki, nimebadilisha namba na kiasi. Ijumaa tarehe 14 Machi 2025 jioni alienda ATM kutoa laki mbili, mashine ikanguruma, ikahesabu, haikutoa kitu, ila meseji ya kukatwa ikaingia. Mpaka Jumatatu jioni steitimenti kwenye simu yake ilikuwa inasoma hivi:

```
14/03/25 ATM WDL 507314204417 NGAMIANI TANGA TZ  200,000 DR
14/03/25 CHG ATM WDL 507314204417                  1,000 DR
14/03/25 VAT CHG 507314204417                        180 DR
17/03/25 TIPS CR FT25076K3M9Q SAMAKI             200,000 CR
17/03/25 RVSL ATM WDL 507314204417               200,000 CR
```

Sasa hapa ndio kilikuwa kizaazaa. Kuna mteja wake wa Pongwe alikuwa anadaiwa laki mbili hizohizo, na siku hiyo ya Jumatatu akalipa. Mama kaona laki mbili imeingia saa tatu asubuhi akasema afadhali benki wamenirudishia, mchana ikaingia nyingine hakuiangalia hata, jioni anampigia mteja wa watu anamwambia mbona kimya baba, samaki wangu umekula hela hujaleta. Mteja anaapa, mama anaapa, wakawa hawasalimiani.

Ukiangalia namba ugomvi unaisha palepale. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano wote wana `507314204417`, hao ni familia moja. Wa nne ana namba yake mwenyewe inayoanza na `FT`, hana undugu na ATM kabisa, huyo ndio mteja wa Pongwe. Kiasi kufanana ni bahati mbaya tu. Kiasi hakithibitishi kitu, namba ndio inathibitisha.

Na angalia kingine ambacho mama hakukiona: benki imerudisha laki mbili, ile 1,000 ya makato na 180 ya VAT havijarudi. Kosa la mashine, makato kwako. Hiyo 1,180 ni haki yake kuidai, na huko chini nitaonyesha anaidai vipi.

Hiyo namba ya tarakimu 12 ina maana yoyote au ni namba tu?

Ina maana, na mimi napenda sana hiki kitu. Kwenye miamala ya kadi ile namba inaitwa `RRN`, ina tarakimu 12, na utaratibu wa kuitunga ambao mashine nyingi zinaufuata uko hivi: tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, tatu zinazofuata ni siku ya ngapi ndani ya mwaka, mbili zinazofuata ni saa, na sita za mwisho ni namba ya mfululizo ya mashine.

Chukua `507314204417`. 5 ni 2025. 073 ni siku ya 73 ya mwaka, yani Januari siku 31, Februari 28, jumla 59, ongeza 14, unapata 14 Machi. Halafu 14 ni saa nane mchana, lakini subiri, hiyo ni saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa masaa matatu, kwahiyo ni 17, saa kumi na moja jioni. Inakubaliana kabisa na mama alivyosema. Hutaki kuhesabu kwa vidole, weka hii kwenye Eksel:

```
=DATE(2025,1,73)
```

Inakupa 14 Machi yenyewe.

Faida yake ni kubwa kwasababu tarehe iliyoandikwa pembeni mara nyingi ni ya siku benki ilipoingiza kitabuni, sio siku ulipotumia kadi. Umelipa Ijumaa usiku, mstari unasoma Jumatatu, unaanza kusema Jumatatu mimi sikutoka nyumbani kadi yangu imeibiwa. Angalia namba kwanza. Na kama ulitumia kadi kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, namba itaonyesha siku iliyopita kwasababu ya yale masaa matatu, usishtuke.

Kabla hujaiamini jaribu na muamala mmoja unaoukumbuka vizuri siku na saa. Ukikubaliana, mashine hiyo inafuata utaratibu. Usipokubaliana basi itumie kuunganisha ndugu tu, tarehe usiisome humo.

Ile ya `FT25076K3M9Q` nayo ina tarehe, baadhi ya mifumo ya benki inaandika hivyo: `FT` ni uhamisho, 25 mwaka, 076 siku ya mwaka, yani 17 Machi, zilizobaki ni za kutofautisha tu.

Nitajuaje mstari ni wa kadi?

Tafuta `ATM`, `POS`, `PUR`, `ECOM` au `WEB`, au namba ya kadi iliyofichwa katikati kwa nyota, tarakimu za mwanzo na nne za mwisho ndio zinaonekana. `POS` na `PUR` ni kuswaipu dukani, `ECOM` na `WEB` ni kununua mtandaoni. Mwishoni mara nyingi kuna jina la mahali, mji, halafu herufi mbili za nchi, `TZ` kwa sisi.

Jina ndio linachanganya watu. Halitoki kwenye kibao cha duka, linatoka kwenye usajili wa ile mashine, na nafasi yake kwa kawaida ni herufi 25 basi. Umekula Raskazone kwenye mgahawa unaoujua kwa jina la mwenyewe, steitimenti inakuandikia jina la kampuni hujawahi kulisikia tena mji ni Dar es Salaam, kwasababu kampuni ilisajiliwa huko. Kabla hujaita mtu mwizi chukua risiti ya mashine, ile karatasi inatoka na `RRN` na namba ya ruhusa ya herufi sita, linganisha. Zile karatasi zinafutika haraka na joto la Tanga hili, we piga picha siku hiyohiyo.

Na uhamisho?

Uhamisho hauna jina la duka wala mji, una mtu au akaunti upande wa pili, na neno la kuelekeza: `TO` au `FRM` au `B/O` yani kwa agizo la fulani. Njia yenyewe inatajwa mwanzoni. `TIPS` ni ule mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa BoT, unaunganisha mabenki na mitandao ya simu, unafanya kazi hata Jumapili usiku. `TISS` nayo ni ya BoT, ipo tangu 2004, ndio njia ya hela kubwa kati ya benki na benki. `EFT` inakwenda kwa mafungu, kwahiyo hela iliyotumwa leo inaweza kusoma kesho yake na wala hakuna aliyeikalia. `B2W` ni kutoka benki kwenda kwenye simu, `W2B` kinyume chake.

Malipo ya serikali yanafanana na uhamisho ila yana `GEPG` au namba ya malipo, ile kontrol namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Sasa nayo ni 12 kama `RRN`, usizichanganye: ukiona 99 mwanzo na ulilipa leseni au maji, hiyo ni kontrol namba, usianze kuhesabu siku ya mwaka humo.

Makato nayatambuaje, mbona kuna mstari umeandikwa ATM WDL na mimi sikutoa hela mara mbili?

Angalia neno la mbele. `CHG ATM WDL` sio kutoa hela, ni makato ya kutoa hela. Mstari wa makato unabeba jina la mzazi wake ndio maana watu wanahesabu mara mbili. Alama za makato ni `CHG`, `COMM`, `FEE`, `SVC`, na mkia wake `VAT`, wakati mwingine na `EXC` ambao ni ushuru wa bidhaa.

Njia rahisi ya kuhakikisha: kwenye ule mfano VAT ni asilimia 18, na 180 gawa kwa 0.18 unapata 1,000, kwahiyo VAT ile ni mtoto wa makato yale ya 1,000. Ukipata jibu lisilofanana na makato yoyote ya jirani, basi aidha kuna mstari wa `EXC` unaotakiwa kujumlishwa kwanza kwenye makato, au VAT hiyo ni ya makato kadhaa yaliyowekwa pamoja. Mwisho wa mwezi hii ya pamoja ni kawaida.

Halafu kuna makato yasiyo na mzazi: ada ya mwezi ya kutunza akaunti, meseji, ada ya kadi. Hayo yanakuja tarehe ileile kila mwezi au kila mwaka, usiyatafutie muamala.

RVSL, REV, RTN, RFD, zote si hela imerudi tu?

Hapana, na hapa naomba usome taratibu maana ndio penye hela.

`RVSL` au `REV` ni muamala kufutwa. Benki inakubali kwamba ule wa mwanzo haukutakiwa kuwepo, kwahiyo kwa kawaida inabeba namba ileile ya mzazi na kiasi kilekile mpaka senti. Kama kiasi ni pungufu kuna sababu, mfano ATM ilitoa 120,000 kati ya laki mbili halafu ikakwama, utarudishiwa 80,000 tu.

`RTN` ni uhamisho uliofika ukakataliwa. Ulituma `EFT`, akaunti ya kule imefungwa au jina halilingani, hela inarudi na namba mpya wakati mwingine, na sababu fupi mbele yake. Makato ya kutuma mara nyingi hayarudi hapa, kwasababu kwa macho ya benki kazi ya kutuma ilifanyika. Kubishana unaweza, ila kama akaunti ulikosea mwenyewe huna hoja.

`RFD` au `REFUND` ni muuzaji kakurudishia. Huu ni muamala mpya kabisa, una `RRN` yake, tarehe yake, na unaweza kuchukua siku kadhaa. Kwahiyo ukitafuta namba ya zamani hutaiona, unganisha kwa jina la muuzaji na tarakimu nne za kadi. Kama ulinunua kwa dola mtandaoni na ukarudishiwa, shilingi zitakazoingia hazitalingana na zilizotoka, kwasababu kila muamala umebadilishwa kwa reti ya siku yake. Sio wizi huo.

Na kuna benki haiandiki hela iliyofutwa kwenye upande wa `CR` hata kidogo, inaiweka upande uleule wa `DR` ikiwa na alama ya kutoa, `-200,000`. Ukikopi kwenye Eksel na ile alama ikapotea umejiongezea matumizi ya laki mbili na makosa yanakuwa laki nne. Nimekiona hiki kwenye vitabu vya duka moja, watu walitafuta mwizi kwa mfanyakazi.

Inawezekana REV ikanitoa hela badala ya kuniingizia?

Ndio. Kama mtu alikosea akakuwekea hela isiyo yako, kufuta kwake ni `DR` kwako. Rudi nyuma utafute `CR` yenye namba ileile. Ukiikuta, wamechukua chao. Usipoikuta, hapo uliza kwa sauti.

Meseji ilisema nimekatwa, salio lilipungua, lakini steitimenti haina mstari wa kukatwa wala wa kurudishwa

Hiyo hela haikukatwa, ilizuiliwa. Ukitumia kadi kuna hatua mbili: kwanza benki inatoa ruhusa na kuzuia kiasi, baadae muuzaji anadai ndio unaandikwa mstari. Salio la kutumia linashuka pale pale, salio la kitabuni linabaki vilevile. Muuzaji asipodai, zuio linaachiwa lenyewe na halina alama yoyote, waja leo waondoka leo kama tunavyosema hapa kwetu.

Hoteli zinafanya sana hivi. Mgeni kafikia hoteli wamezuia 300,000, kaondoka kalipa 240,000, kwa siku kadhaa salio lake la kutumia linaonekana limepungua zote mbili, 540,000. Steitimenti itakuja na mstari mmoja tu wa 240,000. Ile 300,000 usiisubirie `RVSL`, haitakuja kwasababu hakuna kilichoandikwa cha kufuta. Ikikaa muda mrefu piga benki waambie wakuangalizie zuio, wape ile namba ya ruhusa ya herufi sita.

Kwahiyo kabla hujaenda kulalamika jiulize kitu kimoja: mstari wa `DR` upo? Kama upo unadai kurudishiwa. Kama haupo unadai kuachiwa zuio. Ni madawati mawili tofauti, na ukisema vibaya utazungushwa.

Mstari wa DR upo mara mbili, kiasi kilekile, duka lilelile

Angalia namba. Zikiwa mbili tofauti, mashine ilituma mara mbili, mara nyingi kwasababu mtandao ulikata muuzaji akakwambia swaipu tena. Ya kwanza ilipita bila yeye kujua. Unadai mmoja, na risiti unayo moja, ndio ushahidi. Namba zikiwa sawa kabisa basi ni benki imeingiza mara mbili, mara nyingi wanalisahihisha wenyewe ila usitegemee.

Haya, ile 1,180 ya mama inadaiwaje?

Kwa maandishi, kwa barua pepe au ukiwa tawini uandike kwenye fomu yao, uchukue namba ya lalamiko. Usiandike hadithi ya mashine ilivyonguruma. Mimi nilimwandikia hivi, na wewe kopi ubadilishe namba zako:

"Naomba kurudishiwa makato ya muamala uliofutwa. Muamala `ATM WDL` wa tarehe 14/03/2025, namba `507314204417`, Sh 200,000, ulifutwa tarehe 17/03/2025 kwa namba hiyohiyo. Makato Sh 1,000 na VAT Sh 180 ya muamala huo hayajarudishwa. Naomba Sh 1,180 irudishwe. Nimeambatanisha steitimenti, mistari husika nimeiwekea alama."

Wakikaa kimya au majibu hayaeleweki, lipo dawati la malalamiko BoT, ila wao watakuuliza kwanza ulilalamika benki lini na namba ya lalamiko ni ipi, ndio maana nikasema uichukue. Na ikirudi usitegemee itasoma 1,180 mara moja. Inaweza kuja kama `RVSL CHG` 1,000 na `RVSL VAT` 180, siku mbili tofauti, na safari hii unajua cha kutafuta ni `507314204417`.